Aya ya Pili Iko Wapi?
Maswali ya ufahamu yanapofika darasani bila kifungu chake

Swali la 34 linamtaka mwanafunzi arejelee aya ya pili. La 36 linamtuma kwenye mstari wa tatu. La 40 linamwomba achague kichwa kinachofaa habari aliyosoma. Maswali yamechapwa vizuri na majibu manne ya kila swali yamepangwa sawasawa, A hadi D. Kilichokosekana ni habari yenyewe. Karatasi inaanza na maswali na kuishia na maswali, na hiyo aya ya pili haionekani popote.

Mwalimu yeyote aliyefundisha Kiswahili katika shule za vijijini nchini Kenya anaijua karatasi ya namna hii. Fort Ternan ni mahali pazuri pa kuitazama kwa makini. Mji huu mdogo uko kwenye reli ya kwenda Kisumu, pale ambapo nyanda za chai za Kericho zinaanza kuteremka kuelekea miwa ya bonde la Nyando. Shule ya huku haikosi mitihani ya kufanyia mazoezi. Ipo tele, ila mingi ni kopi ya kopi: imetolewa shule nyingine, ikapigwa picha kwa simu, ikatumwa, ikachapwa tena dukani, kisha ikatolewa nakala arobaini. Kila inapopita mkono mmoja kuna kinachoweza kudondoka, na mara nyingi kinachodondoka ni kifungu cha ufahamu, kwa sababu ndicho kirefu kuliko vyote.

Hasara yake si ndogo. Chukua mtihani wa KCPE, uliofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1985 na ya mwisho mwaka 2023, ambao karatasi zake bado zinatumika kwa mazoezi. Sehemu ya lugha ya Kiswahili ilikuwa na maswali 50. Kumi na matano ya kwanza yalikuwa ya kujaza nafasi zilizoachwa ndani ya vifungu. Ya 16 hadi 30 yalipima matumizi ya lugha, na hayo yalijitegemea. Ya 31 hadi 40 yalitokana na taarifa moja, ya 41 hadi 50 na taarifa nyingine. Yaani taarifa hizo mbili zikipotea, maswali 20 kati ya 50 hayana pa kushikia.

Inavyopotea

Njia ya kwanza ni kutoa kopi upande mmoja. Karatasi ya asili imechapwa pande zote mbili. Mwenye mashine anaweka ukurasa wa mbele tu na kusahau wa nyuma. Ukitaka kujua kama ndilo lililotokea, usianze na namba za maswali. Tazama namba za kurasa. Zikienda 1, 3, 5, jibu umelipata: kurasa zote za shufwa zimebaki dukani. Namba za maswali zinaweza kukudanganya, maana kifungu hakina namba. Maswali yanaweza kufuatana 30, 31, 32 bila pengo lolote, na bado ukurasa mzima wa habari ukawa haupo.

Njia ya pili ni kuchapa upya. Mtu anayetayarisha mazoezi ya kusambaza kwa simu anaandika maswali, kwa kuwa ni mafupi, na kifungu chenye maneno mia tatu anakiacha akisema atakirudia baadaye. Dalili yake ni agizo lililobaki yatima. Utaona sentensi inayomwambia mtahiniwa asome taarifa ifuatayo kisha ajibu swali la 31 hadi la 40, na kinachofuata moja kwa moja ni swali la 31.

Njia ya tatu ni picha ya simu iliyokatwa. Hii ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu mara nyingi haiondoi kifungu chote. Inabakiza aya ya tatu na ya nne, na mwanafunzi anayeambiwa atazame aya ya pili anahesabu kutoka juu ya kile alicho nacho. Anasoma aya ya nne akidhani ni ya pili. Anajibu kwa uhakika, na anakosea kwa uhakika. Aliyekosa kifungu chote walau anajua kwamba amekikosa.

Katika karatasi za KCSE kuna kinga dhidi ya hayo. Jalada la mbele hutaja idadi ya kurasa zilizopigwa chapa na kumwagiza mtahiniwa ahakikishe zote zipo na maswali yote yamo. Wengi huliruka agizo hilo kama salamu za kawaida. Katika Karatasi ya Pili ya Kiswahili, ufahamu una alama 15 na ufupisho una alama 15, na zote 30 zinategemea vifungu vilivyochapwa humo. Nusu dakika ya kuhesabu kurasa inazilinda.

Jaribu mwenyewe

Ili kuona maswali yanafanya nini yakibaki peke yake, nimetunga zoezi dogo kuhusu Fort Ternan. Yasome kwanza kama mwanafunzi aliyepewa karatasi yenye kasoro, na ujaribu kuyajibu kabla ya kuendelea.

1. Kulingana na aya ya kwanza, Fort Ternan iko katika kaunti gani?

2. Kwa mujibu wa aya ya pili, mwenye shamba lililochimbwa alikuwa nani?

3. Neno "hilo" katika mstari wa tatu wa aya ya pili linarejelea nini?
A. Kuchimba katika shamba la mtu
B. Kiumbe kupewa jina la mkulima
C. Kiumbe kuwekwa katika ukoo wa binadamu
D. Mifupa kuhamishwa kutoka Fort Ternan

4. Mwandishi ana msimamo gani kuhusu Leakey?

Swali la kwanza halikusumbui. Mtoto wa hapa anajua anaishi Kericho, awe amesoma kifungu au hajasoma. La pili anaweza kulijibu aliyewahi kusikia habari za uchimbaji: Fred Wicker. Hapo tayari tumegundua jambo ambalo mtungaji hakulikusudia. Maswali haya mawili hayapimi ufahamu. Yanapima alichokijua mtoto kabla hajaingia chumba cha mtihani, na yanampa wa Fort Ternan alama ambazo mwenzake wa Lamu itabidi azitafute ndani ya kifungu.

La tatu ni la aina nyingine. Bila kifungu, "hilo" halina pa kwenda. Lakini mwanafunzi hapendi kuacha nafasi wazi, kwa hiyo atatafuta jibu linalosikika kuwa la kweli. Katika nchi ya chai ya Kericho na Bomet, ambako madai ya ardhi iliyochukuliwa wakati wa ukoloni yamefika mbele ya Tume ya Kitaifa ya Ardhi na hata Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, mtoto aliyekulia katika mazungumzo hayo ana kila sababu ya kuchagua A. Kuchimba shamba la mtu ni jambo zito kwao. Hilo analijua hata asipofundishwa. Si kwamba amebahatisha ovyo. Amefikiri vizuri, ila amefikiri kuhusu mambo ya kwao, na swali linauliza mambo ya kifungu.

Sasa soma kifungu chenyewe.

*Fort Ternan ni mji mdogo katika Kaunti ya Kericho. Ulipewa jina la afisa wa Kiingereza, Trevor Ternan, katika enzi za ujenzi wa reli. Leo wenyeji wake wanalima kahawa, miwa na mahindi.*

*Mwaka 1961 Louis Leakey alichimba katika shamba la Fred Wicker akapata vipande vya taya na meno. Mwaka uliofuata alimpa kiumbe huyo jina la Kenyapithecus wickeri na kumweka katika ukoo wa binadamu. Hilo lilizua ubishi miongoni mwa wataalamu. Wengi wao siku hizi wanamhesabu miongoni mwa nyani wakubwa wa kale walioishi yapata miaka milioni 14 iliyopita, bila kumfanya babu wa binadamu peke yake.*

*Hata hivyo, kosa la kumweka mahali pasipo pake halikupunguza thamani ya kazi ya Leakey. Mifupa ya wanyama wengine waliopatikana hapo, wakiwemo jamaa wa kale wa swala na twiga, ilisaidia kueleza mazingira ya zama hizo.*

Jibu la tatu ni C. Sentensi iliyotangulia inamaliza kwa kumweka kiumbe katika ukoo wa binadamu, na sentensi inayofuata inaonyesha wataalamu walivyolirekebisha dai hilo. B inavutia kidogo, kwa kuwa kupewa jina kumetajwa katika sentensi ileile, lakini hakuna kinachofuata kinachohusu jina. A imetajwa katika sentensi ya kwanza tu, na D haimo kabisa. Ukiwa na kifungu, jibu linachukua nusu dakika. Ukiwa huna, hata mtaalamu wa mifupa hawezi kulipata isipokuwa kwa bahati.

Swali la nne linaonyesha upande mwingine. Anayejua habari za Leakey lakini hajasoma aya ya tatu atasema mwandishi anamkosoa. Kumbe mwandishi anakiri kosa kisha anaitetea kazi. Kujua mengi nje ya kifungu kumempoteza.

Tazama pia ule "mstari wa tatu". Nilipokuwa naandika kifungu kwenye ukurasa mpana, neno "hilo" liliangukia mstari wa tatu wa aya ya pili. Kwenye safu nyembamba ya gazeti limeshuka chini zaidi, na kwenye kioo cha simu litashuka tena. Aya haihami; aya ya pili ni ya pili popote utakapoichapa. Mstari wa nathari unahama kila upana wa karatasi unapobadilika. Kwa hiyo karatasi iliyochapwa upya inaweza kuwa na kifungu kizima, neno kwa neno, na bado swali likamwelekeza mwanafunzi pasipo na kitu.

Ushairi una mifupa yake

Katika shairi mambo ni tofauti. Mshororo haukatwi na ukingo wa karatasi. Umekatwa na mshairi. Mshororo wa tatu utabaki wa tatu hata ukichapwa kwenye tikiti ya matatu. Na shairi la arudhi likipotelewa na mshororo, yale yaliyobaki yanaweza kutuambia mengi kuhusu kilichopotea. Kwa mfano huu nimetunga beti mbili za tarbia, na katika ubeti wa pili nimeuondoa mshororo wa tatu.

Kumekucha kilimani, jua sasa lachomoka,
Wachumaji wa majani, vikapu wamejitwika,
Ukungu uko njiani, polepole watoweka,
Mwenye kazi na aanze, siku haina subira.

Majani chuma mawili, chipukizi kileleni,
Jani gumu liwe mbali, lisiingie kapuni,
. . . . . . . . . . . .
Mwenye kazi na aanze, siku haina subira.

Tuseme mtihani unauliza: taja vina vya mshororo wa tatu wa ubeti wa pili, na useme una mizani ngapi. Mwanafunzi aliyeelewa tarbia anaweza kujibu ingawa mshororo haupo. Katika ubeti wa kwanza mishororo mitatu ya mwanzo inamalizia ukwapi kwa -ni na utao kwa -ka. Katika ubeti wa pili, mishororo miwili iliyobaki inamalizia ukwapi kwa -li na utao kwa -ni. Mshororo wa tatu, ambao washairi huuita mleo, unafuata wenzake: -li katikati, -ni mwishoni. Mizani ni 16, nane kwa nane, kama mishororo mingine yote. Huko si kubahatisha. Ni kuisoma kanuni ambayo shairi lenyewe limeionyesha mara tano. Hatari iliyobaki ni moja: mshairi anaweza kuivunja kanuni yake makusudi, na mahali pa kuivunja panaweza kuwa palepale palipopotea.

Lakini swali lifuatalo likiuliza mshairi ana maoni gani kuhusu karani wa kupima majani katika mshororo huo, kanuni inanyamaza. Tazama mishororo hii miwili:

Karani hana dalili, ya kupunja mizanini.

Karani ana dalili, ya kupunja mizanini.

Yote miwili ina mizani 16. Yote miwili ina vina vya -li na -ni. Yote miwili inakaa vizuri kwenye pengo. Wa kwanza unamsifu karani, wa pili unamshtaki, na kilichobadilika ni herufi moja. Umbo la shairi linaweza kurudishwa kutokana na jirani zake, maana haiwezi. Mwalimu anayejaza pengo kwa mshororo wake mwenyewe ili "mtihani uendelee" aelewe kwamba amesahihisha umbo na ametunga maana mpya.

Alama ziende wapi?

Kasoro ikigunduliwa baada ya mtihani wa shule kufanywa, mwalimu ana njia tatu, na hazilingani.

Ya kwanza ni kunyamaza na kusahihisha kama kawaida. Kwenye maswali kumi yenye majibu manne, anayebahatisha kila swali hupata kwa wastani mawili na nusu. Lakini huo ni wastani tu. Mmoja atapata matano, mwingine sifuri, na tofauti hiyo ya alama tano haitakuwa imetokana na kitu chochote wanachokijua.

Ya pili ni kumpa kila mtu alama zote kumi. Inaonekana ya haki kwa kuwa hakuna anayelalamika. Ifanyie hesabu. Mwanafunzi wa kwanza amepata 30 katika maswali 40 yaliyo mazima, wa pili 12. Ukiwaongezea kumi kumi na kusahihisha kwa 50, wa kwanza ana 40, yaani asilimia 80, na wa pili ana 22, yaani asilimia 44.

Ya tatu ni kuyafuta maswali hayo na kusahihisha kwa 40. Wa kwanza anabaki na asilimia 75, wa pili na asilimia 30. Tofauti yao ya kweli ni asilimia 45. Njia ya pili iliipunguza ikawa 36 na kumficha mwanafunzi anayehitaji msaada. Kwa mtihani wa mazoezi, ambao kazi yake ni kuonyesha nani amekwama wapi, njia ya tatu ndiyo inayosema ukweli, mradi mwalimu aandike kwenye rekodi kwamba ufahamu haukupimwa safari hii. Asipoandika, mwezi ujao atalinganisha alama zisizolingana.

Kasoro ikionekana mtihani ukiwa bado unaendelea, kazi inakuwa nyepesi. Mwanafunzi ainue mkono mara moja: "Mwalimu, kifungu cha swali la 31 hakipo." Mwalimu akiwa na nakala nzima akisome kwa sauti mara mbili au akiandike ubaoni, na aongeze dakika alizozitumia. Akiwa hana, awaambie wote waruke maswali hayo. Kinachodhuru ni kumjibu mtoto kwamba ajaribu tu, kwa sababu hapo anafundishwa kwamba ufahamu ni kazi ya kukisia mtungaji anataka nini, na tabia hiyo ataibeba hadi siku atakayokuwa na kifungu mbele yake na asikisome.

Kutafuta kifungu kilichopotea nako kuna utaratibu. Anza na alama za karatasi: mwaka, namba ya karatasi, jina la mtihani ukingoni mwa ukurasa. Kama ni mtihani wa taifa, shule jirani huenda ina kijitabu cha asili. Kama alama zote zimekatwa, tumia maswali yenyewe. Majina ya watu na mahali yaliyotajwa ndani ya majibu A hadi D mara nyingi yanatosha kumkumbusha mwalimu mkongwe habari ilihusu nini na ilitoka mwaka gani. Ukishakipata, hesabu aya zake na uoanishe swali moja moja kabla ya kukitumia.

Kinga iliyo imara kuliko zote iko mikononi mwa mtungaji. Kifungu na maswali yake vikae kwenye ukurasa mmoja au kurasa mbili zinazotazamana. Kifungu cha nathari kinachotajwa kwa mistari kipewe namba pembeni kila baada ya mistari mitano, ili namba zihame pamoja na maneno yake. Na swali lisitegemee namba peke yake. Badala ya kuuliza "hilo" katika mstari wa tatu linarejelea nini, liulizwe hivi: katika sentensi "Hilo lilizua ubishi miongoni mwa wataalamu", iliyoko aya ya pili, neno "hilo" linarejelea nini? Mtungaji ataongeza maneno machache. Karatasi ikichapwa upya kwa upana wowote, mwanafunzi ataipata sentensi hiyo kwa macho yake. Na kifungu kikipotea chote, swali lenyewe litamwonyesha kwamba amenyimwa sentensi iliyotangulia, ile yenye jibu.